"Uhakiki bado": muuguzi aulize nini baada ya kupewa ofa yenye masharti

Saa moja kasoro asubuhi, muuguzi anatoka zamu ya usiku Temeke. Kabla hajapanda daladala ya Mbagala anafungua simu na kumwandikia afisa ajira wa hospitali iliyompa ofa: "Habari za asubuhi dada, samahani kwa usumbufu, nilikuwa nauliza ile barua yangu imefikia wapi." Saa tano anajibiwa: "Salama dada, bado tunasubiri uhakiki." Anashukuru na kulala. Wiki inayofuata anauliza tena kwa maneno yaleyale na kupata jibu lilelile.

Nilifanya kazi wodini kabla sijahamia kitengo cha rasilimali watu cha hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam, kwa hiyo ujumbe huo nimeutuma mwenyewe na nimeupokea pia, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hauna kosa la adabu. Shida yake ni kwamba unamfanya afisa ajira ajibu bila kufungua faili. "Tunasubiri uhakiki" linaweza kumaanisha kwamba kila kitu kimekwenda na limebaki jibu la ofisi moja. Linaweza pia kumaanisha kwamba hakuna ombi hata moja lililotumwa. Kwa mwandishi wa ujumbe, hali hizo mbili ziko mbali kama Kigamboni na Bunju, kwa sababu yeye ana barua ya kuacha kazi mezani na hajui aipeleke lini.

Tuanze na barua ya ofa yenyewe. Ofa yenye masharti bado si kazi. Hospitali inasema itakuajiri ikiwa mambo fulani yatathibitika, na kwa muuguzi mambo hayo kwa kawaida ni elimu ya sekondari, elimu ya uuguzi, usajili pamoja na leseni, na utumishi wa nyuma. Mara nyingine huongezwa vipimo vya afya. Ukishaisaini, mnakuwa mmekubaliana juu ya mshahara, nafasi na tarehe ya kuripoti, lakini mlango haujafunguka. Hufunguka siku unapopata barua ya pili inayosema masharti yametimizwa. Wengi hawaisubiri barua hiyo, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Mtu anaposema "uhakiki" unadhani ni kitu kimoja kinachofanyika mahali pamoja. Ukweli ni maombi kadhaa yanayokwenda kwenye ofisi tofauti, kila moja na mwendo wake. Cheti cha kidato cha nne huulizwa Baraza la Mitihani, yaani NECTA, kwa namba ya mtahiniwa, mwaka na jina. Stashahada ya uuguzi huulizwa chuoni kwako na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Hapa niseme jambo moja dogo: vyeti vya zamani vina jina la NACTE, kwa sababu baraza hilo liliitwa hivyo kabla halijabadilishwa jina. Cheti chako si batili kwa ajili hiyo, na hupaswi kuhangaika kutafuta kingine. Usajili na leseni huulizwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Utumishi huulizwa kwa waajiri wako.

Ukali wa hospitali katika jambo hili una historia. Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi. Idara ya afya nayo iliguswa. Tangu wakati huo hata sekta binafsi haikubali tena nakala iliyogongwa muhuri wa wakili peke yake. Muhuri ule unasema nakala inafanana na karatasi iliyoletwa mbele ya wakili. Hausemi kwamba karatasi yenyewe ilitolewa na aliyetajwa juu yake. Jibu hilo analo aliyeitoa tu, ndiyo maana hospitali lazima imwulize yeye, na ndiyo maana wewe huwezi kuharakisha kwa kupeleka nakala nyingine.

Sasa, maombi haya hukwamia wapi? Watu hufikiri yanakwama kwa sababu ofisi za serikali ni nzito. Kwa niliyoyaona mezani kwangu, mara nyingi yanakwama kabla hayajafika huko.

La kwanza ni malipo. Uhakiki una ada, na ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo, ile ambayo watu wote wanaiita kontrol namba: tarakimu 12 zinazoanza na 99. Afisa ajira anaandaa ombi, anapata namba, anaipeleka kwa mhasibu. Mhasibu anaiunganisha na malipo mengine ya wiki, bosi wa fedha yuko safarini, siku zinapita. Namba hiyo ina muda wake. Ikiisha kabla haijalipwa, hakuna wa kuwaarifu. Afisa ajira anaamini ameomba, kwa kuwa kweli alijaza fomu na karatasi iko kwenye faili. Upande wa pili hakuna ombi lolote. Faili linaweza kukaa hivyo wiki tatu, na kila ukiuliza utaambiwa "tunasubiri". Wala hakudanganyi, naye anaamini hivyo.

La pili ni majina, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo linalowatia watu hofu isiyo na sababu. Uko shule ya msingi, mwalimu mkuu aliandika jina lako kama alivyolisikia. Likaenda hivyo mpaka kidato cha nne. Chuoni ukajaza jina lako sahihi. NIDA wakaandika majina matatu, cheti cha shule kina mawili. Kisha ukaolewa, na baadhi ya karatasi zikabeba jina la mume. Ofisi ya ajira inachukua jina kutoka kwenye kitambulisho cha taifa na kulituma kila mahali. Baraza la Mitihani linatafuta jina hilo kwenye kumbukumbu zake na kujibu kwamba taarifa hazilingani.

Jibu hilo halisemi cheti ni cha kughushi. Linasema jina lililoulizwa si jina lililofanya mtihani. Baraza litaendelea kulitambua jina lililosajiliwa siku ile ya mtihani, na halitalibadili ili lifanane na kitambulisho chako cha leo. Kinachotakiwa ni hati inayounganisha majina hayo mawili. Kama ni tofauti ya herufi au jina la kati lililoachwa, kiapo cha majina kilichoapwa mbele ya wakili kinaeleza kwamba wenye majina hayo ni mtu mmoja. Kama umebadili jina kabisa, kiapo hakitoshi. Hapo unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ile inayoitwa didipoli, na kama sababu ni ndoa uambatanishe cheti cha ndoa. Watu wengi huchanganya hati hizi mbili. Mtu anabadili jina kwa kiapo, kisha anashangaa Baraza la Uuguzi linakataa kurekebisha daftari lake.

La tatu ni leseni. Cheti cha usajili na leseni ni vitu viwili, ingawa vyote vinatoka Baraza la Uuguzi na Ukunga. Usajili unasema wewe ni muuguzi. Leseni inasema unaruhusiwa kufanya kazi hiyo sasa, na ina tarehe ya mwisho. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, kutoa huduma bila leseni hai ni kosa. Muuguzi anatuma leseni ambayo siku ya kutuma ilikuwa hai, uhakiki unachelewa, na siku Baraza linapoulizwa imeisha wiki iliyopita. Jibu linarudi vibaya kwa kosa la kalenda tu. Angalia leseni yako ina siku ngapi kuvuka tarehe ya kuripoti. Kama inaishia katikati, ihuishe kwanza, halafu utume mpya.

La nne ni mwajiri wako wa sasa. Barua ya kumwuliza utumishi wako ndiyo itakayomwambia kwamba unaondoka, na huenda ikafika kwa matroni kabla hujamwambia mwenyewe. Wako waliopangiwa zamu mbaya kwa sababu hiyo na ofa yenyewe baadaye haikutimia. Kuna pia maofisa ajira wanaodai hati ya utumishi kutoka kwa mwajiri wa sasa. Hati hiyo, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anapaswa kuitoa ajira inapokoma. Bado uko kazini, kwa hiyo huwezi kuwa nayo. Unachoweza kutoa ni nakala ya mkataba, hati za mshahara za karibuni, au barua ya utambulisho. Mwambie hivyo kwa upole, mara nyingi anatumia orodha ileile aliyoiandaa kwa walioacha kazi.

Nichukue faili moja. Jina la muuguzi na la hospitali nayaacha, na mfano wa herufi za jina nimebadilisha. Tumwite Mwanaidi. Ana stashahada na miaka sita ya wodi ya wazazi. Barua ya ofa ilitoka Jumatatu tarehe 4 Mei, aliirudisha na saini tarehe 6, na tarehe ya kuripoti iliyoandikwa ilikuwa 1 Julai. Kufikia tarehe 18 alikuwa ameuliza mara tatu kwa wasapu na kujibiwa mara tatu kwamba uhakiki bado. Rafiki yake mmoja, aliyewahi kufanya kazi ofisi ya ajira, akamwambia akae chini ahesabu siku kabla ya kuandika tena.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa anayelipwa kwa mwezi, taarifa ya kuacha kazi haipungui siku 28, na mkataba unaweza kutaka zaidi. Wa Mwanaidi ulisema 28. Ili siku yake ya mwisho iwe 30 Juni, siku 28 zinaanza 3 Juni, maana yake barua ya kuacha kazi iwe imepokelewa tarehe 2 Juni. Alifikiria kutumia likizo yake kupunguza siku hizo, na hapo sheria iko wazi: taarifa haitolewi mtu akiwa likizo, wala siku za taarifa haziendi sambamba na siku za likizo. Kwa hiyo tarehe iliyokuwa na maana kwake ni 2 Juni. Ile 1 Julai ilikuwa imeandikwa kwenye ofa, lakini isiyoandikwa popote ndiyo iliyokuwa inamkaba. Afisa ajira hakuijua, kwa sababu hajui mkataba wa mtu mwingine unasema nini.

Jumanne tarehe 19 aliandika baruapepe, si wasapu. Wasapu inasomwa ndani ya daladala na kupotea chini ya meseji nyingine. Baruapepe inachapishwa na kuwekwa kwenye faili, na mkuu wa idara akiuliza, ipo. Aliandika hivi:

"YAH: UHAKIKI WA VYETI, OFA YA AJIRA YA TAREHE 4 MEI

Ndugu Afisa Ajira,

Habari za kazi. Nilipewa ofa yenye masharti tarehe 4 Mei kwa nafasi ya muuguzi, wodi ya wazazi. Niliirudisha na saini tarehe 6 Mei, pamoja na nakala za vyeti, leseni na fomu ya ridhaa.

Naomba kujua hali ya kila ombi la uhakiki peke yake: Baraza la Mitihani, chuo na NACTVET, Baraza la Uuguzi na Ukunga, na waajiri. Kwa kila moja, naomba kujua kama limetumwa, lini, na kama ada imelipwa. Ikiwa kuna ambalo halijalipwa, naomba kufahamu ili tujipange.

Cheti changu cha kidato cha nne kimeandikwa Mwanahidi, wakati kitambulisho cha taifa na usajili wa uuguzi ni Mwanaidi. Nimeambatanisha kiapo cha majina. Naomba ombi la Baraza la Mitihani litumie jina kama lilivyo kwenye cheti.

Mwajiri wangu wa sasa bado hajui kuhusu ofa hii. Naomba aulizwe mwishoni, baada ya mengine kukamilika, na nijulishwe siku moja kabla. Msimamizi wa kituo nilichofanyia kazi awali yuko tayari kuulizwa wakati wowote.

Mkataba wangu unanitaka nitoe taarifa ya siku 28. Ili niripoti 1 Julai, natakiwa kuwasilisha barua ya kuacha kazi ifikapo 2 Juni. Nitaiwasilisha nikishapata barua yenu ya kuthibitisha ajira. Iwapo uhakiki hautakuwa umekamilika ifikapo Ijumaa 29 Mei, naomba tukubaliane tarehe mpya ya kuripoti.

Ahsante kwa ushirikiano wako."

Tazama alichokifanya. Hakuuliza "imefikia wapi". Aliuliza maswali ambayo hayajibiki bila kufungua faili, na moja wapo ni la malipo. Wauguzi wengi wanaona aibu kuuliza kuhusu ada, wanahisi ni kumchokonoa afisa. Lakini swali hilo ndilo linalofichua ombi ambalo halijazaliwa. Alitaja tofauti ya jina mwenyewe kabla haijagunduliwa, na jambo hilo lina uzito wake: tofauti iliyotajwa na mwenye cheti, kiapo kikiwa kimeambatanishwa, ni suala la karani kulinganisha. Tofauti hiyohiyo ikirudi kutoka Baraza bila maelezo inapelekwa kwa mkuu wa idara kama shaka ya kughushi. Na aliweka tarehe bila kutishia. "Nitaiwasilisha nikishapata barua yenu" ni maelezo ya mpangilio, na afisa ajira yeyote mwenye uzoefu atauheshimu.

Ile fomu ya ridhaa nayo si karatasi ya kujaza faili. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, chuo au mwajiri wa zamani ana haki ya kuuliza kwa ruhusa ya nani anatoa taarifa zako. Fomu isiyo na saini, au yenye saini isiyofanana na ya kwenye vyeti, inarudisha ombi nyuma. Ukitumiwa fomu hiyo usiisaini haraka haraka kwenye kioo cha simu.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, na lilikuwa refu kuliko matatu ya kwanza kwa pamoja. Baraza la Uuguzi na Ukunga lilikuwa limeshajibu tarehe 14 kwamba usajili na leseni viko sawa. Chuo kilikuwa kimeandikiwa na hakijajibu. Ombi la Baraza la Mitihani lilikuwa limejazwa tarehe 8, kontrol namba ikatoka, na haikulipwa. Ilikuwa imekwisha muda wake. Tena lilijazwa kwa jina la kitambulisho, si la cheti, kwa hiyo hata lingelipwa lingerudi na jibu la kutolingana. Siku 12 walizokuwa wakisubiri, hakukuwa na kitu cha kusubiri.

Ombi jipya liliandaliwa kwa jina la cheti na kulipwa tarehe 21. Kwa upande wa chuo, Mwanaidi alipiga simu mwenyewe kwa msajili. Hakuomba jibu, maana chuo hakiwezi kumpa mtahiniwa barua ya uhakiki aipeleke mwenyewe halafu ikaaminika. Aliuliza tu kama barua ya hospitali imefika na iko kwa nani. Ilikuwa imefika kwenye anwani ya zamani ya baruapepe. Alimpa afisa ajira anwani sahihi, naye akaituma upya. Mpaka hapo ndipo mkono wa mwombaji unapofika: anaweza kuhakikisha swali limefika, lakini jibu lazima lipite pembeni yake, la sivyo uhakiki unapoteza maana.

Ukipata majibu ya aina hii, yasome kwa makini. "Hatujapata majibu" ni suala la muda na la kufuatilia anwani. "Taarifa hazilingani" ni suala la jina, mwaka au namba ya mtahiniwa, na linatengenezeka. "Hakuna kumbukumbu" ni zito zaidi, lakini bado si mwisho. Uliza walitafuta kwa namba ipi, kwani tarakimu moja iliyokosewa inatosha kukupeleka kwenye shule ya mtu mwingine. Lenye hatari ni moja tu, kwamba cheti hakikutolewa na taasisi hiyo. Hilo likisemwa, omba upewe kwa maandishi, uende ofisini na cheti halisi mkononi, na kwa vyovyote usiache kazi uliyonayo.

Ijumaa tarehe 29 Mei Baraza la Mitihani lilikuwa limejibu vizuri, chuo bado. Afisa ajira alimwandikia Mwanaidi mchana huo bila kuulizwa, kwa sababu tarehe ile sasa ilikuwa kwenye faili, akamwambia asitoe barua ya kuacha kazi. Jibu la chuo lilifika Jumatatu. Siku hiyohiyo alimtaarifu kwamba wangempigia mwajiri wake kesho yake, na jioni Mwanaidi akaenda kwa matroni wake kumwambia mwenyewe, kabla simu haijapigwa. Barua ya kuthibitisha ajira ilitoka Jumatano tarehe 3 Juni, siku moja baada ya ile tarehe yake. Aliwasilisha taarifa Alhamisi tarehe 4, siku 28 zikaisha tarehe 2 Julai, na hospitali ikabadili tarehe ya kuripoti kuwa Jumatatu, 6 Julai, kwa barua ya mistari mitatu yenye kumbukumbu namba ya ile ofa ya kwanza.